Siku ya Thelathini na Nne

…kwa sababu kama ilikuwa asubuhi basi haikuwa saa nane, na kama haikuwa saa nane basi hesabu yote imekwenda kombo, aliwaza Nereah, na kikombe cha chai kikamsimamia mkononi nusu ya safari, hakifiki mdomoni wala hakirudi mkekani, huku Bi Chiku, mama yake Hafsa, aliyelisema jambo hilo kama mtu anayesema mvua imeacha, anaendelea kusuka ukili wake pale barazani, vidole vinapishana bila kuangaliwa, na ndani, nyuma ya pazia, maji ya kuoga yanamwagika, kata moja, kata ya pili, Hafsa anaoga taratibu kama bibi harusi, leo ndiyo siku yake ya kulazwa hospitalini na kesho daktari atampasua ziwa la kushoto atoe kile kivimbe, na siku hiyo hakuichagua daktari, wala Hafsa mwenyewe, aliichagua yeye, Nereah, kwa penseli na kitabu cha jedwali la nyota, aliichagua tangu Januari, akasema ngoja, akasema Aprili ndio mwezi wako, na leo ni Jumatano ya katikati ya Aprili, mia tisa tisini na nane, na mama mtu anasema alimzaa asubuhi… "Jua bado changa kabisa, mwanangu, halijafika hata dirishani," ndivyo alivyosema, "watoto wa chuoni hapo nyuma wanasoma kwa sauti, nami nimelala nawasikia, nikasema huyu wangu ameingia duniani pamoja na alifu na be." Labda amesahau, mtu mzima, miaka thelathini na minne si jana, labda anachanganya na uzazi mwingine, lakini hana mwingine, Hafsa ni wa kwanza na wa mwisho, atamchanganya na nani? Akajikaza, akakishusha kikombe, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba ruhusa.

"Mama, mbona Hafsa aliniambia saa nane mchana?"

"Aa, hiyo nane ya marehemu babake hiyo," Bi Chiku akacheka kidogo, akavuta ukindu mwingine kwenye fungu, "yule sista Mzungu aliyenizalisha alikuwa na saa imening'inia kifuani, akaiangalia, akasema *eight*. Basi babake Hafsa, si alikuwa amefanya kazi kwa Wazungu Mombasa, ana Kizungu chake cha jikoni, akasema eight ni nane, akatoka nayo mbio akaiandika nyuma ya kalenda. Saa nane. Baadaye watu wakimuuliza, saa nane ya usiku? Akaona si usiku, akaongeza mchana. Nami sikusoma, ningebishana na kalenda? Nikaiacha. Mtoto mzima, nane au mbili itamdhuru nini?"

Itamdhuru nini… saa sita, Mama, saa sita tu, watu wa huku wanahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na Mzungu anahesabu kuanzia usiku wa manane, eight yake ni saa mbili yenu, kitu kila mtoto wa Ukunda anakijua, kitu ambacho yeye Nereah mwenyewe amekigeuza mara elfu pale hotelini Diani, miaka kumi na miwili katika chumba cha kufulia nguo, mgeni akisema shuka ziletwe at two yeye anawaambia wasichana saa nane, hakukosea hata siku moja, na hili moja lililokuwa na uzito kuliko mashuka yote ya pwani ya kusini likampita, kwa sababu alipoambiwa saa nane mchana aligeuza sawasawa, akaandika saa nane za mchana ni mbili za alasiri kwa saa za kizungu, akatoa tatu apate saa za Grinwichi, kumi na moja kamili, kwa sababu kitabu kinahesabu kwa Grinwichi, na akajisifu moyoni kwa kukumbuka kutoa hizo tatu… mtu anakumbuka kutoa tatu na hajui kwamba sita zimeshaongezwa na marehemu mwenye Kizungu cha jikoni. Haikuwa kumi na moja za Grinwichi. Ilikuwa tano. Tarehe ishirini na saba Mei sitini na nne, saa tano za Grinwichi, saa mbili asubuhi hapa Msambweni. Na maji ndani yanamwagika, kata ya tatu, na Hafsa anaimba kitu kwa pua, anaimba kwa sababu ana amani, amani aliyopewa na mimi.

Saa sita. Mtu mwingine angesema saa sita ni nini, ni nyakati za kutoka asubuhi hadi mchana, lakini katika hesabu hii siku moja ni mwaka mzima, Bi Ilse alimfundisha hivyo, yule bibi wa Austria aliyekuwa akija kila Januari na kukaa hadi Machi katika chumba kilekile cha bustanini, mifupa yake haipendi baridi, naye Nereah ndiye aliyekuwa akimpelekea taulo, mwaka wa kwanza ni shikamoo na asante, mwaka wa pili ni kiti na chai, mwaka wa tatu kitabu kinene chenye tarakimu ndogondogo kama sisimizi, kila siku ya karne hii ina mstari wake, Jua liko wapi, Mwezi uko wapi, Zuhura, Mirihi, Zohali. "Angalia," Bi Ilse alisema kwa Kiswahili chake cha kukwama, "mtu huyu kazaliwa siku hii. Mstari huu. Shuka mstari mmoja, hapo ni mwaka wake wa kwanza. Shuka kumi, mwaka wa kumi. Maisha yote ya mtu, miezi mitatu tu ya kitabu." Na Nereah alimkumbuka mwanawe aliyemzaa kwao Siaya akaishi siku kumi na tisa, akajiuliza huyo alikuwa na miaka kumi na tisa mahali fulani… basi, hapo si pa kwenda sasa. Hesabu. Siku moja ni mwaka, kwa hiyo saa ishirini na nne ni miezi kumi na miwili, saa mbili ni mwezi mmoja, na saa sita ni miezi mitatu. Miezi mitatu, Mungu wangu. Jua halijali, Jua linatembea digrii moja tu kwa mwaka, miezi mitatu kwake ni robo ya digrii, lakini Mwezi unakimbia digrii kumi na mbili na zaidi kwa siku moja, maana yake kumi na mbili na zaidi kwa mwaka, digrii moja na kidogo kwa kila mwezi wa kalenda, Mwezi ndio mshale wa dakika katika saa hii, na nimeusoma mshale wa dakika uliosogezwa.

Hakuhitaji kukitoa kitabu mkobani. Mstari ule anaujua kama anavyoijua namba ya kitambulisho chake, tarehe thelathini Juni sitini na nne, siku ya thelathini na nne tangu Hafsa azaliwe, mwaka wake wa thelathini na nne, usiku wa manane wa Grinwichi Mwezi uko digrii tatu na dakika arobaini na moja za nyota ya Samaki, na Zohali amekaa palepale digrii ya nne, dakika hamsini hivi, za Samaki hiyohiyo, hata hakusogea tangu Hafsa azaliwe, alikuwa amesimama ageuke arudi nyuma, mwezi mzima anacheza ndani ya digrii moja, yaani Mwezi unamwendea Zohali wa kuzaliwa na Zohali wa sasa kwa pamoja, na si hivyo tu, Jua la kuzaliwa la Hafsa liko digrii ya tano ya Mapacha, pembe ya tisini kutoka hapo, kwa hiyo Mwezi ukimkanyaga Zohali unalichoma na Jua ubavuni. Mbaya. Aliiona mbaya tangu Novemba, Hafsa alipokuja na kanga imefungwa juu, akamshika mkono akauingiza kifuani, "dada Nereah, hebu gusa hapa," na kilikuwa kama kunde, kunde moja kavu chini ya ngozi. Daktari akampa tarehe ya Januari. Nereah akahesabu, kwa saa kumi na moja ya uongo ile: usiku wa manane wa tarehe thelathini ni siku thelathini na tatu na saa kumi na tatu baada ya kuzaliwa, miaka thelathini na tatu na miezi sita na nusu, yaani Desemba, na kutoka tatu na arobaini na moja hadi kwa Zohali ni mwendo wa mwezi mmoja na siku chache, katikati ya Januari. Katikati ya Januari hasa! Akamwambia, si Januari, mdogo wangu, Januari Mwezi wako uko juu ya Zohali, Zohali ni kuchelewa na uzito na mifupa na majonzi, usijilaze chini ya kisu siku hizo, ngoja upite, usonge digrii tatu na ushei mbele, mwishoni mwa Aprili Mwezi unafika digrii ya nane, na Jua lako la mwaka wa thelathini na nne liko digrii ya nane ya Kaa, mia na ishirini kamili kati yao, pembe ya neema, hapo ndipo. Na Januari ilikuwa Ramadhani, udhuru uko tayari, Hafsa akaenda akamwambia daktari, nimefunga, nipe tarehe nyingine, daktari akasema, mama, mimi nisingengoja. Nisingengoja. Hafsa alimsimulia maneno hayo akicheka, "hajui mimi nina mtaalamu wangu."

Sasa ihesabu kwa saa ya kweli, ihesabu, usiogope. Kutoka saa tano asubuhi ya… hapana, saa tano za Grinwichi, hadi usiku wa manane wa tarehe thelathini, siku thelathini na tatu na saa kumi na tisa, miaka thelathini na tatu na miezi tisa na nusu, si Desemba, ni Machi, tarehe kumi na mbili hivi, na kuongeza mwezi na siku chache… leo. Wiki hii. Kesho. Mwezi wa Hafsa haukuwa juu ya Zohali Januari, ulikuwa bado nyuma digrii tatu nzima, alikuwa salama Januari, na mimi nikamtoa mahali palipokuwa salama nikamwongoza kwa mkono, kwa miezi mitatu, hadi kwenye siku ileile niliyokuwa namkimbiza, na ile neema ya digrii ya nane iko Julai. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa mkeka. Bi Chiku alikuwa anasema kitu kuhusu sista, viatu vyeupe vya sista, Nereah akaitikia "ee, Mama," bila kusikia, akaona jasho linamtoka kwenye kwapa kama mtu aliyekimbia, na jua lenyewe la asubuhi ya masika halijakaza… na ulijua. Usijifanye. Ulijua kuna kitu. Kwa sababu hesabu ya kwanza ulimfanyia hapahapa, katika chumba kile cha ndani, Agosti iliyopita, fujo zilipoanza Likoni na watu wa bara wakafukuzwa na wengine kuuawa, na karatasi za vitisho zikabandikwa hadi huku, na Bi Chiku akamwambia Hafsa, mlete huyo rafiki yako, akalale kwangu, na akamvika buibui lake mwenyewe, na kwa siku tisa akakaa kwenye kizingiti akisuka ukili na kumwambia kila aliyeuliza kwamba ndani kuna mgonjwa wa surua. Siku tisa. Na katika siku hizo hakuwa na kitu cha kumpa Hafsa ila kitabu kilichokuwa mkobani, kitabu alichoachiwa na Bi Ilse, ndipo alipomwambia, nitajie siku na saa yako, akamchorea duara. Akamwonyesha: siku ya ishirini na tano tangu uzaliwe Jua lilitoka Mapacha likaingia Kaa, ndio mwaka wako wa ishirini na tano, ilikuwaje? Hafsa akafunga mdomo kwa kiganja, ndio mwaka alioolewa, akahama nyumba. Na siku ya ishirini na nane Mwezi ukajaa, ukaelekeana na Jua, ukapatwa kabisa hata, kitu kilifika kileleni kikamwagika, kwa hesabu yangu ni mwisho wa tisini na mbili, Desemba, ilikuwaje Desemba? Na Hafsa akafikiri, akasema, Desemba hakuna kitu, dada, lakini Machi yake, baada tu ya Idi, mume wangu aliondoka, hakurudi. Machi. Miezi mitatu baadaye. Na Nereah akasema, ndiyo hiyo, inakaribia. Inakaribia! Bi Ilse angempiga kofi, Bi Ilse aliyesema mambo ya nyuma hayaulizwi ili mteja ashangae, yanaulizwa ili saa ya kuzaliwa ipimwe, kama kila jambo linachelewa kwa kiasi kilekile, saa yako ni mbovu, irekebishe kabla hujafungua mdomo kuhusu kesho. Na yeye alipenda Hafsa anavyoshangaa. Alikuwa mkimbizi ndani ya chumba cha watu, amevaa buibui la kuazimwa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kulikuwa na mtu anayemtazama kama mwenye kitu mkononi. Hilo ndilo alilolipenda. Likamziba masikio.

Na lile neno. Hafsa alilijua jina lingine la Kaa, babake alikuwa na kalenda ya falaki, "Saratani," akasema, "Jua langu liko Saratani," na Agosti lilikuwa neno tu, kaa anayetembea upande ufukweni, lakini Novemba, baada ya kunde ile, akaja amekauka midomo, "dada, ndiyo ile Saratani uliyoniambia?" na Nereah akasema la, la, jina tu, haliingiliani na ugonjwa, akamtuliza, akamtuliza hadi akatulia kupita kiasi, hadi kunde ikawa korosho. Korosho. Wiki jana aliigusa tena, imepinda kidogo, ngumu, haikimbii kidole. Hiyo haihesabu siku moja kwa mwaka, hiyo inahesabu siku kwa siku.

Sasa ufanye nini? Maji yamekoma ndani. Ndoo inaburutwa. Fikiri upesi. Unaweza kunyamaza, atoke, mwende, ajilaze kesho chini ya Zohali naye anadhani yuko chini ya neema, na kama litampata jambo mezani, utaishi nalo, utamtazama mama huyu usoni kwa macho yapi, mama aliyekaa kizingitini siku tisa… au umwambie. Umwambie, Hafsa, nilikosea, siku mbaya ni kesho, na Hafsa atasema basi tungoje, bila shaka atasema, si ndivyo nilivyomfundisha, atasema tungoje Julai, na atakwenda tena kwa daktari na udhuru, mvua, njia, mama anaumwa, na korosho itakuwa… Miezi mitatu mingine, kwa ajili ya pembe. Na je, kama babake alikosea na sista pia alikosea, kama saa ile ya kifuani ilikuwa nyuma nusu saa, nusu saa ni wiki moja, utamngojesha mtu kwa wiki ya saa ya sista? Sasa akasikia kwamba ndani yake kuna mtu anayefungua kinywa kusema tungoje. Alimsikia waziwazi. Mtu huyo alikuwa na hofu tu, wala hakuwa na uovu, alitaka mstari wa kitabu umwambie fanya hivi ili likitokea jambo aseme ulikuwa ni mstari. Ee Mungu, Zohali amekaa juu ya Mwezi, hilo ni kweli, mstari upo, siwezi kuufuta, lakini unasema nini hasa? Bi Ilse alisema nini, siku ya mwisho, akifunga masanduku, mwaka wa tisini na sita, alipokwenda asirudi tena? Alisema, hesabu hii haikuambii kitakachotokea, inakuambia atakayetokewa atakuwa ameshika moyo wake namna gani. Uzito. Upweke. Kukua kwa lazima. Hakusema kisu kitateleza. Mimi ndiye niliyesema kisu. Niliongeza kisu kama marehemu alivyoongeza mchana.

"…na arobaini yenyewe sikuimaliza," Bi Chiku alikuwa anasema, na sijui ni neno hilo, arobaini, au ni sauti yake kushuka, lakini Nereah aligeuka akamtazama, kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama vizuri, akaona vidole vimeacha kusuka.

"Hukuimaliza vipi, Mama?"

"Mzazi hatoki nje hadi siku arobaini zitimie, si wajua, ndivyo tulivyokuwa sisi. Mama mkwe wangu alikuwa mkali wa hayo. Basi zimebaki siku sita, usiku mtoto akashikwa na moto, homa, anatetemeka, hanyonyi. Wakasema ngoja. Wakasema leo nyota ya nyumba hii si njema, mwalimu kaangalia kitabu, ukimtoa mtoto nje kabla ya arobaini leo utamrudisha maiti. Ngoja jua litoke, ngoja mwalimu aje asome, ngoja, ngoja." Bi Chiku akalamba kidole, akaunyoosha ukindu juu ya goti. "Adhana ya alfajiri haijalia, nikamfunga kifuani, nikatoka kwa mlango wa uani. Peku. Damu yenyewe bado inanitoka. Nikaenda na mguu hadi kwa yule sista."

"Hukuogopa? Kama walisema nyota si njema?"

"Niliogopa, kwani mimi ni jiwe? Niliogopa njia nzima, nalia. Hawakunidanganya, mwanangu, siku ile ilikuwa mbaya kwelikweli. Lakini ilikuwa mbaya ndani na mbaya nje. Sasa ukae ndani kwa nini?"

Zimebaki sita. Arobaini toa sita ni thelathini na nne. Nereah hakutaka kuhesabu na alikuwa ameshahesabu, ishirini na saba Mei ongeza thelathini na nne, thelathini Juni, kabla ya adhana ya alfajiri, saa kumi na moja hivi za usiku, yaani tano za kizungu, toa tatu za Grinwichi, mbili na dakika, Mwezi umetoka tatu na arobaini na moja, digrii nusu kwa kila saa… ulikuwa juu yake. Ulikuwa juu ya Zohali dakika zilezile, Mwezi wa kweli, ule wa mbinguni, juu ya njia ya mchanga, na msichana wa miaka kumi na tisa anatembea peku chini yake na mtoto kifuani analia njia nzima. Siku hiyo ndiyo mwaka huu. Hesabu niliyoifanya kwa penseli mara mia, huyu aliipita kwa miguu, na mwalimu wao, kumbe, aliiona vizuri kuliko mimi, hakukosea saa, kosa lake lilikuwa neno moja tu aliloliweka mbele ya hesabu iliyo sahihi, ngoja, na neno hilo halimo kitabuni, mistari elfu thelathini na sita ya karne nzima, Jua, Mwezi, Zohali, hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa ngoja. Tuliliandika sisi. Hofu haikuondoka, ilikaa palepale ilipokuwa, ila sasa haikuwa imeshika usukani. Atamwambia. Kukosa kumwambia ni kumwendesha tena, ni kumshika mkono tena gizani, na ameshamshika vya kutosha. Atamwambia yote, Januari, sista, eight, na kama atakataa kwenda… kama atakataa, atapiga magoti hapa barazani, atamlilia, hatatumia kitabu, atatumia mdomo wake na machozi yake kama watu wote.

Pazia likafunguliwa. Hafsa alitoka amevaa buibui bila kulifunga, nywele mbichi chini ya mtandio, uso unang'aa kwa mafuta, harufu ya udi inamfuata, akamwamkia mama yake tena ingawa walikwisha kuamkiana, akatabasamu kwa Nereah, tabasamu la mwanafunzi aliyefanya kila alichoambiwa.

"Dada Nereah, niko tayari. Mwezi wangu haujambo leo?"

"Si mzuri, mdogo wangu." Akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kulitamka. "Nilikosea. Mama ameniambia sasa hivi, ulizaliwa saa mbili asubuhi, si saa nane. Siku mbaya haikuwa Januari. Ni kesho. Nimekupotezea miezi mitatu, Hafsa, nisamehe."

Hafsa alisimama. Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kwenye ziwa la kushoto, ukatulia hapo juu ya kitambaa cheusi. Akamtazama mama yake, ambaye hakuinua kichwa kutoka kwenye ukili, akarudi kwa Nereah, na tabasamu lilikuwa limeondoka na mahali pake hapakuwa na kitu bado.

"Kwa hivyo tusiende?"

"Twende," alisema Nereah. "Sasa hivi. Twende tukiogopa."

Kuku mmoja akavuka uwanja, na Nereah akaona machozi yanajaa machoni mwa Hafsa na hayaanguki, akaona hasira pia, hasira ndogo ya haki iliyokuja kukaa, akaikubali, akangoja aambiwe chochote. Hafsa akavuta pumzi, akafunga buibui kifungo kwa kifungo hadi chini, akautazama mkoba wake wa hospitali uliokuwa kando ya mlango.

"Nishikie huo," akasema, "nivae viatu."